Kwa swahiba yangu, kuhusu ile siku

Swahiba,

Jina lako silitaji, wala tarehe yako ya kuzaliwa. Barua hii nimeiandika mwezi mmoja na kuiweka hapa mwezi mwingine, makusudi, asije mjanja akapiga hesabu akaanza kukutumia picha za maputo.

Nianze na ule mwaka wa keki, maana sijawahi kukuomba radhi vizuri. Tulikuwa watu tisa sebuleni kwako, taa tumezima, na mpango wote ulikuwa wangu. Ulipofungua mlango tukapiga kelele. Wenzetu hadi leo wanakumbuka ulivyocheka. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikaona mkono wako umebaki kwenye kitasa. Ulicheka, ukasalimia mtu mmoja mmoja, na kitasa bado umekishika. Baadaye ukakata keki, ukaigawa, yako hukuigusa, ukaingia jikoni kuosha vyombo ambavyo hata havikuwa vichafu. Nikajua nimekosea, ila sikujua nimekosea wapi.

Ulikuja kuniambia miezi kadhaa baadaye, tukiwa kwenye gari, wote tunatazama mbele. Uliyoniambia ni yako, hayaandikwi hapa. Kwangu mimi, niseme tu kwamba nilizoea kudhani asiyependa siku yake anaogopa uzee, au anaringa abembelezwe. Haikuwahi kunijia kwamba kuna mtoto aliyekuwa akiingojea siku ile kwa hofu, na kwamba mwili wake ungeendelea kuingojea vivyo hivyo hata akiwa mtu mzima, ana nyumba yake na ufunguo ni wake.

Mwaka uliofuata nikanyamaza kabisa. Nilijiona muungwana. Kumbe wewe ulipitisha siku nzima ukijiuliza kama nimekukasirikia, kwa sababu kimya nacho ulikuwa unakijua tangu utotoni. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni: nikakuuliza. Ukasema, "Usisahau. Ila usiifanye sherehe." Sijakuuliza tena, na sitakuuliza kila mwaka, maana kuulizwa kila mwaka ni kukumbushwa kila mwaka.

Nimejifunza pia kwamba mambo hayaanzi siku yenyewe. Yanaanza kama wiki mbili kabla. Usingizi unakatika, ujumbe unajibiwa kwa neno moja, kitu kidogo kinakuudhi. Mwaka mmoja ulidhani una homa, ukaja kutazama kalenda ukanyamaza. Siku hizi nikiona hivyo sikuulizi una nini. Nakuletea mambo ya kawaida tu: nani kahama, nani kanunua gari bovu. Wiki hizo pia sikupangii jambo lolote ambalo ukilikataa itabidi ujieleze.

Na zile pongezi. Ulinieleza kwamba kinachokuchosha ni deni lake: watu arobaini wanakutakia furaha, na wewe unatakiwa uwajibu wote arobaini kwa furaha. Ndiyo maana tulikaa siku ile tukaingia kwenye mipangilio ya Facebook, tarehe yako ya kuzaliwa tukaiweka ionekane na wewe peke yako. Kazini ukaomba utolewe kwenye orodha ya wanaopongezwa, ukasema tu "napendelea hivyo", na dunia haikuanguka. Lile kundi letu la WhatsApp niliachie mimi. Yupo mmoja wetu ambaye hasahau tarehe ya mtu, na nimeshamweleza faraghani, bila kumpa sababu. Alitaka sababu sana. Hakuipata.

Kuna wakati nilikuja na wazo la kuifunika ile siku kwa kumbukumbu mpya, safari au kitu kama hicho. Ukanijibu taratibu kwamba hujaomba mpya. Nikaelewa, ingawa nakiri nilinuna kidogo njiani nikirudi.

Kwa hiyo mwaka huu ni kama mwaka jana. Ujumbe wangu utaingia jioni ya siku iliyotangulia, si usiku wa manane. Hautakuwa na swali wala neno "furaha", na hautataka jibu. Nauandika hapa kabisa ili usikushtue ukiuona kwenye simu:

"Nafurahi kwamba upo, na kwamba tunajuana. Usihangaike kujibu."

Siku yenyewe sitapiga simu. Ukitaka kupiga wewe, yangu itakuwa wazi na haitakuwa kimya, hata saa nane za usiku. Ukitaka tuongelee mpira, tutaongelea mpira.

Siku ya pili yake ndiyo ninayoitamani, maana huwa unaamka na njaa na unaanza kunitania upya. Nitapita jioni kukurudishia ile drili. Safari hii naileta kweli, na waya wake nimeupata.

Wako,
yule aliyezima taa