Risala ya Kikundi cha Wachimbaji Wadogo wa Dhahabu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Karibu sana machimboni kwetu, hapa Geita. Tulianza tukiwa watu 7 wenye sururu na karai. Leo tuko 27, wanawake 9, tuna karasha moja na choo cha kisasa cha matundu mawili ambacho vikundi vya jirani huja kukitazama. Tuna pia leseni ya uchimbaji mdogo, ya miaka 7 kama sheria inavyotaka, kwa eneo la hekta 10. Hayo yanatosha, tuje kwenye mipaka.

Mheshimiwa, leseni inaonyesha kona nne kwa namba tu. Chini hapa hakuna bikoni hata moja. Mwaka jana jirani yetu wa kusini aliingiza namba za leseni yake kwenye simu, simu ikamleta juu ya maduara yetu. Akaja na vijana, sisi tukatoka na wetu. Yeye hakudanganya, wala sisi. Namba za leseni zetu zimeandikwa kwa kipimo cha Arc 1960, na simu husoma kwa WGS 84. Ukiziingiza kama zilivyo, simu inakupeleka kama mita 300 kaskazini ya mahali penyewe. Kiwanja cha mraba cha hekta 10 kina upande wa mita 316. Kwa hiyo kosa hilo dogo la kwenye simu linahamisha karibu kiwanja kizima.

Fomu za makubaliano nazo zimekwama hapo hapo. Wenye mashamba watatu walituridhia kwa maandishi, na muhtasari wa mkutano wa kijiji una mhuri. Lakini fomu zinasema "kuanzia mwembe mkubwa hadi njia ya ng'ombe." Mwembe ulishakatwa kuni. Sasa mwenye shamba wa nne anadai mgao wa mifuko ya mawe, anasema duara namba 3 liko kwake, na hatuna karatasi ya kumjibu.

Tunaomba mpimaji mmoja, kwa siku moja, mwenye kifaa kilichowekwa kwenye Arc 1960. Asimike bikoni nne mbele ya jirani, mwenyekiti wa kijiji na wenye mashamba. Kisha fomu ziandikwe upya zikitaja namba za kona, na ramani iambatishwe. Saruji na nondo tumeshanunua. Chakula cha mpimaji tutapika.

Mheshimiwa, ombi hili tumelisoma mbele ya wageni rasmi wawili waliokutangulia. Wote waliandika kwenye daftari na wote walipigiwa makofi. Saruji ya mara ya kwanza iligandia stoo. Hii ya sasa ina wiki tatu, na masika yanakaribia. Kwa heshima zote, tungefurahi kupewa tarehe kabla hujapanda gari.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi