Barua kwa Mkono wa Shangazi

Muscat, Oman

Sahibu yangu,

Salaam nyingi. Barua hii nimempa shangazi akukabidhi mwenyewe, maana simu ya mama kila mtu pale nyumbani anaishika, na fundi ni mkwe wa mjomba. Nikituma ujumbe, utamfikia kabla ya magharibi.

Ni ile nyumba ya mama pale Pongwe. Fundi anasema boma limekwisha, anataka hela ya mbao na bati apaue. Shangazi kabla hajaja huku alipita akapiga picha. Mbele lenta ipo. Nyuma, kuanzia jikoni mpaka chumba cha wageni, hakuna: juu ya madirisha umelazwa ubao na tofali zimepandishwa juu yake. Siku mchwa wakiumaliza ubao, tofali hazina cha kuzibeba, na kenchi zitakuwa zimeshakaa hapo. Paa likishaezekwa, kuirudia lenta ni kubomoa. Ndiyo maana ana haraka.

Hata hiyo ya mbele siiamini. Unajua kazi yangu huku ni kufunga nondo. Kuta zinazobeba paa ni mita 60; nondo nne za milimita 12 kuzizunguka zote ni mita 240, na nondo moja ina mita 12, basi ni nondo 20. Nikaongeza mbili za maungio na kona, nikalipia 22. Lakini lenta inapokomea, upande wa baraza, naona ncha mbili tu zimechomoza. Labda mbili za juu zimekatwa, labda hazikuwekwa kabisa. Picha haisemi.

Nakuomba upite asubuhi, kabla mafundi hawajafika. Hesabu hizo ncha. Kisha pima kwa futi kamba urefu wa lenta iliyomwagwa. Ikiwa ni nusu ya nyumba na ina nondo nne, imekula kama 11, na 11 nyingine lazima ziwe stoo. Ukikuta kipande, kata mita moja ukipime kwenye mizani ya duka: ya milimita 12 inakaribia gramu 890, ya milimita 10 haifiki 620. Kwa macho zinadanganya, hasa zikishika kutu.

Polisi usiende, tutamuumiza mjomba bure. Muite fundi ofisi ya serikali ya mtaa, mjomba awepo, aandike kilichobaki na tarehe ya kukimaliza, asaini. Hela ya ufundi nitatuma kwako, umpe ukuta baada ya ukuta, na zege lisimwagwe hujaziona nondo zimefungwa. Ya bati sitoi senti kwa sasa, hata mama akilia.

Nipigie Ijumaa, siku hiyo siendi kazini. Shangazi amebeba pia kanzu yako. Ikikubana usinilaumu, vipimo ulituma mwenyewe.

Wasalaam,
Ndugu yako