Kikao cha Jumapili ni SAA TISA, si saa nane

Habari za jioni wanachama wapendwa.

Jana saa moja usiku niliandika kikao ni saa nane. Dakika tisa baadaye nikausahihisha ujumbe uleule kuwa saa tisa. WhatsApp haitoi mlio ujumbe ukihaririwa. Kilichobadilika ni maneno, na kando ya saa ya kutumwa kukatokea neno dogo, Edited. Aliyesoma mapema hana habari, na hata akibonyeza neno hilo haoni nilichokuwa nimeandika mwanzo. Wawili wenu wamenipigia leo wakiwa bado na saa nane, na nawaomba radhi.

Kwa hivyo shikeni haya:

1. Jumapili, saa tisa alasiri, Umoja, kwa mweka hazina.
2. Mchango ni 1,500, umfikie kabla ya Ijumaa saa mbili usiku.

Kuanzia leo nitahariri makosa ya herufi tu, kwa kuubonyeza ujumbe kwa muda na kuchagua Edit. Nafasi hiyo ni dakika 15 tu tangu kutuma, kisha chaguo hilo hupotea. Saa, mahali au pesa vikibadilika, nitatuma ujumbe mpya unaoanza na MABADILIKO, ili simu zenu zilie. Nanyi mkitaja kiasi mlichotuma mkakosea, andikeni upya, kwa sababu mweka hazina hunakili mara tu anaposoma.

Tafadhali kila mmoja ajibu "saa tisa" hapa kabla ya kesho saa sita mchana. Nitakayemkosa nitampigia.