Kabla wadadisi hawajabisha hodi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza useme nini mbele ya viongozi wa kijiji kabla wadadisi wako hawajaanza kupita majumbani kuhoji kaya za utafiti. Kwanza nikusimulie nilivyokosea mimi.

Mara ya kwanza nilimaliza hotuba yangu kwa kusema matokeo "yatasaidia kijiji." Viongozi wakasikia "msaada". Kesho yake mama mmoja akamwambia mdadisi hana mfugo hata mmoja, na mbuzi analia nyuma ya jiko. Sikumlaumu. Nani atataja mbuzi wake akidhani atakatwa kwenye orodha ya msaada?

Nikarudi kwa viongozi. Safari hii nilisema waziwazi: kaya itakayohojiwa haitapewa chochote, isiyohojiwa haitapoteza chochote, na majibu hayahusiani na kodi. Kisha nikaweka mezani orodha ya kaya zote, 180. Tulihitaji 20, yaani moja katika kila 9. Nikakunja vikaratasi vyenye namba 1 hadi 9, nikamwomba mzee mmoja achomoe. Akatoa 4. Tukahesabu pamoja: 4, 13, 22, tukiruka tisa tisa mpaka 175.

Mwenyekiti akauliza, "Mjane wa namba 5 ndiye mwenye shida kuliko wote. Mbona mnamruka?" Usilikwepe swali hilo, maana ndilo kiini cha hotuba yako. Nilimjibu kwamba hatutafuti wenye shida, tunatafuta sura ya kijiji kizima. Tukiwachagua wenye shida tu, kijiji chote kitaonekana hakina kitu. Tukichagua jamaa wa viongozi, kitaonekana kimeshiba. Kwa hiyo nyumba haibadilishwi hata kama mwenyewe hayupo. Mdadisi atarudi kwa saa nyingine na siku nyingine, hataingia kwa jirani. Wanaokutwa nyumbani saa nne asubuhi mara nyingi ni wazee na wagonjwa, na wao peke yao si kijiji.

Waombe pia jambo ambalo litawakera kidogo: kiongozi amtambulishe mdadisi mlangoni, kisha aondoke. Mtu hataji deni lake wala njaa yake mbele ya mwenyekiti. Waambie mapema kwamba hawataonyeshwa majibu ya kaya yoyote, na kwamba ruhusa yao ni ya kuingia kijijini tu. Kila kaya itajiamulia yenyewe kukubali au kukataa, na anayekataa asifuatwe wala kusemwa mkutanoni.

Usiulize kama wameelewa; wataitikia tu ndiyo. Mwombe mmoja akueleze atakavyomjibu jirani yake akimuuliza kwa nini nyumba yake imerukwa. Mimi nilimwomba yule mzee. Akasema, "Nitamwambia karatasi niliichomoa mimi, na hata kwangu pamerukwa." Hapo nikawaruhusu wadadisi waanze.

Niandikie ukimaliza.

Wako akupendaye