Vitundu vya katikati ya ua

Zuhura shoga yangu,

Salaam nyingi. Picha ya ua lako la viraka vya pembe sita nimeipata. Rangi zimekubali, ila kila pembe tatu zinapokutana pana kitundu, na uzi unaonekana usoni.

Tuanze na karatasi inayokunjiwa kitambaa cha kila kiraka. Ya daftari ni laini mno, pembe zake hujikunja ukivuta kitambaa. Kata manila, na kila kipande ukichore kwa kiolezo kimoja kilekile. Ukichora cha pili kwa cha kwanza na cha tatu kwa cha pili, kosa dogo linakua na ua halifungi. Pembe sita hupimwa kwa ubavu. Ubavu wa sentimita 2.5 unataka mraba wa kitambaa wa sentimita 6.5, upunguze kufuata umbo, ubakize milimita 7 za kukunja pande zote.

Bandi ndiyo inayoamua pembe. Kunja ubavu wa kwanza, kisha wa pili juu yake. Pale mikunjo inapolaliana, pitisha sindano mara mbili kwenye kitambaa tu bila kutoboa karatasi, halafu uvuke hadi pembe ya pili. Zunguka zote sita kwa upande mmoja. Bandi hiyo huna haja ya kuifumua. Ipapase pembe: ikiwa butu, kitambaa hakikukazwa juu ya karatasi, na hapo ndipo kitundu kinapozaliwa. Irudie kabla hujaunga.

Kuunga, weka vipande uso kwa uso, pembe kwa pembe, kisha zungusha sindano juu ya kingo zote mbili. Chukua nyuzi mbili tatu tu za kitambaa kila upande. Ukisikia sindano inakwaruza karatasi, umezama mno, na ndiyo maana uzi wako unaonekana. Mishono mitano au sita kwa sentimita inatosha. Tumia uzi mwembamba wa kijivu, unajificha kwenye rangi nyingi. Usiuvute hadi ukingo ukajikunyata.

Unga petali zote sita kwenye kiini kwanza. Kisha unga petali na petali, ukianzia kwenye kiini kwenda nje, na mshono wa mwanzo ushike pembe zote tatu. Mbavu zikikataa kulingana, kunja kiini katikati pamoja na karatasi yake, hakiharibiki.

Karatasi ya kiini unaweza kuitoa sasa, baada ya kupiga pasi. Za petali ziache mpaka zizungukwe na safu ya vipande 12, la sivyo kingo za nje zitalegea. (Uingereza kuna shuka la viraka vya hariri la mwaka 1718 ambalo karatasi zake bado zimo ndani!)

Ua ulilokwisha shona usilifumue. Ligeuze, pitisha uzi kwenye zile pembe tatu kwa mduara, uvute taratibu, ufunge fundo.

Nisalimie nyumbani.

Wako,
Mwanaidi