Shukrani kwa dada wa maktaba ya Ngome, Lamu

Dada yangu wa meza ya dirishani, jina sikukuuliza. Asante. Insha yangu ya milango ya Lamu ilikuwa na marejeo matano niliyopewa na roboti ya gumzo. Mwalimu aliniita: "Mwanangu, nionyeshe huu ukurasa wa 212." Nikabaki kimya.

Wewe ndiye uliyenikalisha, tukayatafuta moja moja. Jarida lilikuwepo kweli, hata juzuu, lakini juzuu lenyewe liliishia ukurasa wa 180. Mwandishi naye yupo, ila makala hiyo hakuiandika. Vipande vya kweli, viraka vya uongo!

Nilirudi kwa mwalimu nikakiri. Alinipa wiki moja niandike upya, kwa vitabu nilivyovishika kwa mkono wangu. Alama kumi alizikata vilevile.