Barua ya wazi kwa Meneja wa Mradi wa Majitaka: ahadi zako mbili zinagongana kule mtoni

Kwako Mhandisi,
Meneja wa Mradi wa Bomba la Majitaka,
Nairobi.

MINTARAFU: HOTUBA YAKO KATIKA HAFLA YA KUZINDUA UJENZI

Mhandisi,

Mimi ni mkazi wa mtaa huu ulio kando ya Mto Ngong, na kazi yangu ni ya fundi bomba, kwa hiyo hotuba uliyoisoma siku ya kuchimba udongo wa kwanza niliisikiliza kwa makini kuliko wengi waliokuwa chini ya hema wakisubiri soda. Ulieleza vizuri jinsi bomba kuu litakavyofuata barabara ya juu, liungane na mtandao wa jiji na kupeleka uchafu hadi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka kule Ruai. Kisha uliahidi kwamba kila ploti itaunganishwa, kwamba hakuna familia itakayohamishwa, kwamba vijana wa hapa ndio watakaochimba, na kwamba mwenye lalamiko atapata mahali pa kulipeleka. Ninakuandikia hasa kwa ajili ya ahadi mbili za kwanza. Kwa jinsi ramani iliyobandikwa kwenye ubao siku hiyo inavyoonyesha, haziwezi kutimia zote mbili, na ni heri jambo hili lisemwe sasa kuliko lije kusemwa na tingatinga.

Ramani ile inaonyesha bomba moja kuu barabarani na mabomba madogo yakitoka kwenye ploti za pande zote mbili kwenda kulifikia. Kwa ploti za upande wa juu mpango huo hauna shida, kwa maana ardhi yenyewe inateremkia barabara. Upande wa chini, ardhi inaipa barabara kisogo na kuteremkia mtoni, na majitaka hayapandi mlima yenyewe.

Nitatoa mfano wa ploti moja ya upande huo, ambayo vipimo vyake nilivichukua kwa paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyojazwa maji, kama mafundi tunavyopima usawa siku zote. Ploti hiyo iko mita 60 kutoka barabarani, na sakafu ya choo chake iko mita moja chini ya usawa wa barabara. Bomba likitoka chooni linapaswa kufukiwa angalau nusu mita ili lisivunjwe na mikokoteni na miguu ya watu, kwa hiyo mwanzo wake tayari uko mita moja na nusu chini ya barabara. Bomba la milimita 150 linahitaji mteremko wa karibu mita moja kwa kila mita 100 ili libebe uchafu bila kuuacha njiani, na kwa umbali wa mita 60 huo ni mteremko wa sentimita 60. Ukijumlisha, bomba hilo litafika barabarani likiwa na kina cha mita 2.1. Chemba ya kuunganishia mabomba iliyochorwa kwenye ramani yako mahali hapo ina kina cha mita 1.2. Zinapungua sentimita 90, na upungufu huo hauzibiki kwa maneno wala kwa ustadi wa fundi.

Naijua njia ambayo mkandarasi aliyebanwa na muda huichagua katika hali kama hii. Hupunguza mteremko, akalaza bomba karibu sawasawa na sakafu, akafukia, akapiga picha, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Kwa miezi michache ya kwanza choo hufanya kazi. Baadaye uchafu mzito hutuama ndani ya bomba, na mahali pa kwanza pa kufurika huwa ni choo cha ploti iliyo chini kuliko zote, ambayo mara nyingi ndiyo yenye wapangaji maskini zaidi. Kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu ya maji. Mtandao wa majitaka husukumwa na maji, nasi tunaishi kwa ratiba ya mgao na mitungi ya lita 20. Mtu anayeyanunua maji yake kwa mtungi atamwaga chooni lita mbili au tatu, wala hatamwaga zaidi eti kwa kuwa mhandisi alikadiria zaidi. Bomba la mteremko hafifu lenye maji haba ni shimo la choo lililolazwa ubavu, na sioni kwa nini tulichimbie mtaro.

Mhandisi, unazo njia tatu za kuuondoa upungufu huo. Unaweza kuongeza kina cha bomba kuu barabarani kwa karibu mita moja, lakini udongo wetu ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mtaro wa zaidi ya mita mbili katika udongo huo ukiachwa bila kuzuiwa kwa mbao au vyuma pande zote mbili huwafukia wachimbaji. Unaweza kuweka pampu, na hapo nitakuuliza nani atalipa umeme mwaka wa tatu, maana pampu iliyozimika hurudisha uchafu wote kwa wenyewe. Njia ya tatu ni kulaza bomba la pili upande wa mtoni, lifuate mwelekeo wa maji ya mto na kuungana na bomba kuu huko chini ambako lina kina cha kutosha. Kwa maoni yangu hii ya tatu ndiyo njia pekee yenye maana, na nadhani wewe mwenyewe unalijua hilo.

Hapo ndipo ahadi ya pili inapoingia matatani. Kando ya mto ndiko kuna nyumba nyingi zilizobanana, na ndiko sheria ilikokaza zaidi, kwa kuwa kanuni za mwaka 2006 za ubora wa maji chini ya sheria ya mazingira zilikataza shughuli za ujenzi katika ukanda wa kando ya mto wenye upana usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kwa kutegemea kiwango cha juu cha mafuriko. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 tuliona jinsi ukanda huo ulivyopimwa kwa tingatinga katika mitaa kadhaa ya Nairobi iliyo kando ya mito. Mtu aliyeyaona hayo akisikia kwamba bomba linapita mtoni, hatangoja ufafanuzi wako. Ataanza kung'oa mabati yake au ataanza kukusanya watu wa kuuzuia mradi.

Hata hivyo bomba la mtoni halihitaji kuvunja nyumba kwa safu. Bomba la milimita 150 au 200 linaweza kulazwa katika mtaro wa upana wa sentimita 60 uliochimbwa kwa mkono, ukipita vichochoroni, na chemba ndogo zinazofunguliwa na mtu mmoja zikachukua nafasi ya zile kubwa za kuingilia. Mpango wa Mukuru, mitaa ya mabanda ambayo Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Agosti 2017 kuwa eneo la mipango maalumu, ulielekea huko huko kwenye mabomba madogo yanayofuata njia za watu. Mahali ambapo kichochoro ni chembamba kuliko mtaro, ukuta wa chumba kimoja au viwili utalazimika kurudi nyuma, na hilo ndilo ungelisema siku ile. Ungesema kwamba vyumba fulani vitaguswa, ukavipaka alama, ukaeleza nani atalipwa.

Kwenye malipo, naomba ahadi itofautishe mwenye nyumba na mpangaji. Orodha za fidia mtaani kwetu hutengenezwa na wenye nyumba, wengi wao wakiishi mbali, na mpangaji aliyelala humo miaka mingi huondoka na godoro lake tu. Kifungu cha 40(5) cha Katiba kinaruhusu fidia kwa watu wanaokalia ardhi kwa nia njema hata bila hatimiliki, kwa hiyo kumtambua asiye na karatasi si jambo geni. Mradi uandikishe wakazi chumba kwa chumba kabla ya tarehe ya kufunga orodha kutangazwa, na orodha isomwe hadharani kwenye baraza la chifu, kwa sababu majina hewa huogopa kusomwa mbele ya majirani.

Kuna neno jingine kwenye ahadi ya kwanza linalohitaji mipaka, nalo ni “kuunganishwa”. Ulisema gharama ya kuunganishwa itabebwa na mradi, watu wakapiga makofi, lakini hukusema bomba la mradi linaishia wapi. Likiishia kwenye chemba ya mpaka wa ploti, basi kubomoa choo cha shimo, kuweka bakuli la kumwagia maji na kuvuta bomba hadi kwenye chemba ni kazi ya mwenye nyumba. Atakayeifanya ataongeza kodi, na asiyetaka kuifanya ataacha chemba ikauke hadi watoto waijaze taka. Chemba za namna hiyo mtu akizihesabu kwenye ripoti kama ploti zilizounganishwa, hesabu yake itakuwa ya kweli kwenye karatasi pekee. Nakuomba ripoti zenu zihesabu vyoo vinavyomwaga kwenye bomba, na chemba zihesabiwe peke yake.

Kuhusu kazi za vijana sina mengi, ila naomba zihesabiwe kwa siku zilizofanywa na kulipwa. Nafasi moja ya mwaka mzima ikigawiwa watu wanaopishana kila wiki mbili, mkandarasi anaweza kuiandika kuwa ajira 26, na hakuna hata mmoja kati ya hao 26 atakayekuwa amejifunza kulaza bomba. Wachache wakae na mafundi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndio watakaoitwa bomba litakapoziba.

Dawati la malalamiko nalo litategemea mkazi anaweza kuona nini. Kipimo cha bomba lililolazwa vizuri hakihitaji shahada: kabla ya kufukia, tochi huwashwa kwenye chemba moja na kioo huwekwa kwenye chemba ya pili. Mwanga ukionekana kama duara kamili, bomba limenyooka, na ukionekana kama mwezi mchanga, limebonyea au limepinda. Ruhusu wawakilishi wawili wa wakazi wasimame hapo kila kipande kinapopimwa, na matokeo yaandikwe kabla mtaro haujafukiwa. Udongo ule mweusi usirudishwe moja kwa moja juu ya bomba. Ulazwe mchanga kwanza chini na kandokando, la sivyo mvua ya kwanza ya masika itavisogeza viungo hata vikiwa vilipimwa sawa.

Kwa hiyo, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba nakala ya michoro inayoonyesha kina cha kila chemba ya upande wa chini, sehemu ya mkataba inayosema bomba la mradi linaishia wapi kwenye ploti, na orodha ya vyumba vitakavyoguswa iwapo bomba la mtoni litakubaliwa. Sheria hiyo inatoa siku 21 za kujibu. Mtaro wa barabarani bado haujafika kwenye kona ambako ardhi inaanza kuteremkia mtoni, na kina cha chemba ya kona hiyo ndicho kitakachoamua kama bomba la mtoni litapata pa kuungania. Naomba kazi isivuke kona hiyo kabla michoro haijabandikwa ofisini kwa chifu.

Wako mwaminifu,
Mkazi na fundi bomba wa upande wa mtoni